Begi Limewahi, Mimi Nimechelewa

Leo asubuhi jina langu limeandikwa katika daftari la madeni, chini kabisa ya wateja waliokopa saruji, kwa sababu nimechelewa mara nne katika wiki moja. Mimi ni mwanagenzi wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mtu anayetofautisha msumari wa inchi tatu na wa nne gizani kwa kuupapasa tu, na sikustahili kupangwa na wadaiwa sugu.

Jumatatu nilisingizia pancha. Jumanne nilisingizia mvua, ambayo kwa bahati mbaya haikunyesha Kariakoo. Jana nilimuua bibi yangu, ambaye alikwisha kufariki mwezi wa tatu.

Leo nilifika kituo cha Mombasa, pale Ukonga, saa kumi na mbili kamili, shati limenyooka kama la mwalimu mkuu. Daladala zinazotoka Gongo la Mboto hufika hapo zimejaa, kwa kuwa wenye hela hugeuza nazo: hupanda zikielekea mwisho wa ruti, hulipa nauli, kisha hubaki vitini na kulipa tena ya kwenda mjini. Tatu zilipita bila hata kupunguza mwendo. Ya nne ilisita, nami nikatembea kuifuata kwa heshima zangu, halafu nikakimbia, halafu heshima zikaisha nikarusha begi dirishani ili kuwahi nafasi. Konda akagonga bodi, gari likaondoka. Jamani, begi lilikwenda na chakula changu cha mchana! Konda, ambaye hununua kwetu rangi, alilishusha dukani saa moja na dakika ishirini, dakika kumi kabla ya kufungua. Mimi nilifika saa mbili na robo.

Ndipo nikachukua risiti iliyoharibika, nikaandika nyuma yake: "Mzee, shikamoo. Bibi yangu ni mzima na anakusalimu. Ninachelewa kwa kuwa posho ya shilingi 5,000 haitoshi kulipa nauli mbili asubuhi, moja jioni, na bado nile."

Mzee aliivaa miwani, akaisoma mbele ya mteja wa koki, akairudia kwa sauti.

"Kwa hiyo bibi yupo?"

"Yupo, Mzee."

"Na rambirambi yangu ya mwezi wa tatu, shilingi 10,000?"

Nilijifanya ninatafuta koki.

Akafungua daftari, akafuta kosa la kuchelewa, akaandika kwamba kuanzia kesho nitaongezewa nauli moja kila asubuhi ili nigeuze na gari kama watu wengine. Chini yake, kwa mwandiko mkubwa zaidi, akaandika deni la shilingi 10,000, na penye sababu akajaza: "Amefufuka." Sasa nauli hiyo ya nyongeza itakatwa mpaka deni liishe, maana yake kesho saa kumi na mbili nitakuwa palepale Mombasa, nikiwa nimelishikilia begi langu kwa mikono miwili.