Mb na nd mwanzoni mwa neno: sauti moja au mbili?

Linganisha "mtu mbaya" na "nyumba mbaya". Kwa maandishi, kivumishi ni kilekile, herufi kwa herufi. Lakini tamka polepole uhesabu silabi. Katika "mtu mbaya" utapata tano: m-tu-m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya" ni nne tu: nyu-mba-mba-ya. M ya kwanza inajisimamia, ni silabi kamili isiyo na irabu. M ya pili haina nafasi yake yenyewe, imeingia ndani ya b na zote mbili zinatoka kwa pigo moja.

Wanaosema kwamba mb na nd ni sauti mojamoja wanaanzia hapa, na naona ndipo hoja yao ilipo na nguvu zaidi. M ya "mtu mbaya" ni mabaki ya kiambishi mu-, ndiyo maana mbele ya irabu hurudi kuwa mw: mtu mwema. M ya "nyumba mbaya" inatokana na kiambishi kingine, n- ya ngeli ya nyumba, na kivumishi hichohicho "-ema" huko kinakuwa njema. Ile m ya watu haijali inafuatwa na nini: mdudu, mganga, mkali. Midomo inafunga kwa m, kisha ulimi unakwenda kwingine. N ya ngeli ya nyumba haina uhuru huo. Mbele ya b inakuwa m, mbele ya d inabaki n, mbele ya g inarudi nyuma ya kinywa. Na si yenyewe tu inayobadilika, kwa sababu hata jirani yake hubadilika: ulimi, wingi wake ndimi, kitu kirefu, lakini nguo ndefu. L na r zimekuwa d kwa kukutana na n. Kinywa hufunga mara moja, mahali pamoja, hewa ikianza kupita puani na kumalizikia mdomoni.

Katikati ya neno mambo ni hayohayo. Anayecheza kinyume, ule mchezo wa kupeleka silabi ya mwisho mbele, akiligeuza "nyumba" hupata mbanyu. Hapati banyum.

Upande wa pili una hoja ambayo haifai kupuuzwa. Ubao mmoja, mbao nyingi: b ni ya mzizi, m ni kiambishi cha wingi. Inakuwaje mpaka wa mofimu upite katikati ya sauti moja? Kwa mtazamo huu, mb ni sauti mbili zilizobanana, na kuzihesabu kuwa moja kunaongeza fonimu kadhaa (mb, nd, nj, ng, nz, mv) katika orodha ambayo ingetosheka na m, n, b, d na wenzao. Pingamizi hili halinitikisi sana. Mofimu ni suala la maana na silabi ni suala la matamshi, na mipaka yake si lazima ilingane. Katika "mwema" pia, u ya mu- imegeuka w na kuingia katika silabi ya mzizi.

Pingamizi gumu ni mbwa. Neno hili nalo ni la ngeli ya n-, kwa hiyo kwa kanuni ya juu lingekuwa silabi moja. Lakini wasemaji hulitamka m-bwa, na mkazo uko juu ya m! Ndivyo ilivyo kwa nge na nzi. Ikiwa mb haigawanyiki, m imepataje kuchomoka?

Jibu liko kwenye mkazo wenyewe. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye silabi moja halina pa kuuweka. Nazali, yaani ile m au n ya mwanzo, hulazimika kuubeba. Ushahidi mzuri unatoka kwa vivumishi vinavyoanza na p, t au k. Katika ngeli hii kwa kawaida nazali huanguka mbele yake: nyumba pana, nyumba kubwa, chai tamu. Ila tunasema "nyumba mpya". "-pya" ni silabi moja, hivyo nazali imebakizwa kwa sababu ina kazi ya kufanya. Isingekuwa na kazi hiyo, ingeanguka kama ilivyoanguka kwa "pana".

Kwa hiyo mbwa havunji kanuni, ila anaiwekea mpaka, na mpaka huo ni wa kweli. Mimi nasimama na wanaosema sauti moja, kwa masharti mawili: neno liwe na angalau silabi mbili bila kuhesabu nazali, na nazali yenyewe isitokane na mu-. Sharti la pili hupimwa kwa kubadili umoja na wingi. Mbuni anayebuni vitu, wingi wake ni wabuni; m imeondoka, kwa hiyo ilikuwa silabi yake yenyewe, m-bu-ni. Mbuni yule ndege hubaki mbuni hata wakiwa kundi zima: mbu-ni, silabi mbili.