Pembetatu Inaposingiziwa Kosa la Alama

Maalim mwenzangu wa Malindi, anayewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, ameniuliza hivi: "Mbona mnawachosha vijana kwa kuchora pembetatu, ilhali pembetatu haijui x iliyo hasi na jibu linalotoka huwa baya upande huo? Si bora fomula peke yake?"

Swali ni la haki, na mfano alioutoa si wa kubuni, ni ∫ √(x² − 9)/x dx. Njia yake inajulikana. Tunaweka x = 3 sec θ, dx inakuwa 3 sec θ tan θ dθ, kipeuo kinageuka 3 tan θ, na kinachobaki kuintigretiwa ni 3 tan² θ, ambacho kinatoa 3 tan θ − 3θ. Hapo ndipo pembetatu inapoitwa. Kwa kuwa sec θ ni x/3, hipotenusi ni x, upande ulio jirani na pembe ni 3, na upande unaoikabili ni √(x² − 9). Mwanafunzi anasoma tan θ kwenye mchoro, anaandika √(x² − 9) − 3 arcsec(x/3) + C, anapiga mstari chini yake na kufunga daftari.

Sasa tuulize eneo kutoka x = −5 hadi x = −3. Kikokotoo huchukulia arcsec ya x/3 kuwa arccos ya 3/x, na kwa arccos hutoa pembe iliyo kati ya 0 na π. Kwa jibu lile, thamani kwenye −3 ni −9.42, kwenye −5 ni −2.64, na tofauti yake ni −6.78. Hiyo haiwezekani, na hakuna haja ya kukokotoa upya ili kuligundua hilo. Kati ya −5 na −3 kitendakazi √(x² − 9)/x hakitoki nje ya −0.8 na 0, na upana wa kipande hicho ni 2 tu, kwa hiyo eneo haliwezi kupita 1.6 kwa ukubwa. Tumepata zaidi ya mara nne ya upeo huo. Maalim ana haki ya kulalamika.

Lakini kosa limeingia wapi? Mimi nasema limeingia kabla ya mtu yeyote kushika rula. √(9 sec² θ − 9) si 3 tan θ, ni 3|tan θ|. Kwa x iliyozidi 3, pembe iko robo ya kwanza na alama ya thamani kamili haina la kufanya. Kwa x iliyo chini ya −3, pembe iko robo ya pili, tanjenti ni hasi, na kipeuo kinakuwa −3 tan θ. Integrali inabadilika na kuwa −3 tan θ + 3θ, ambayo ikirudishwa inatoa √(x² − 9) + 3 arcsec(x/3). Anayetegemea fomula peke yake naye atalipita kosa hilo hilo, kwa sababu utambulisho tan² θ = sec² θ − 1 haumwambii achukue kipeuo kipi. Pembetatu na utambulisho huo ni Pithagora yule yule, mmoja kachorwa na mwingine kaandikwa.

Kuna vitabu vinavyokwepa shida hii kwa kuziweka pembe za x hasi katika robo ya tatu, ambako tanjenti ni chanya. Humo jibu la mwanafunzi ni sahihi pande zote mbili. Tabu ni kwamba kikokotoo alichonacho mezani hakikusoma kitabu hicho.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wapinzani wa mchoro hawalipi uzito wake. Katika darasa langu la likizo hapa Lamu, wanafunzi huchora pembetatu vizuri, wakaandika x, 3 na √(x² − 9) kwenye pande zake, kisha wakasoma mchoro kwa ajili ya tan θ tu. Kwa ajili ya θ yenyewe hupandisha macho hadi mstari wa kwanza wa ukurasa, penye x = 3 sec θ, wakaigeuza. Hapo arcsec inaingia, nayo haikutoka kwenye pembetatu. Laiti wangeusoma mchoro mara ya pili, wangeona kwamba pembe ile ile ni arctan(√(x² − 9)/3), na jibu lingekuwa √(x² − 9) − 3 arctan(√(x² − 9)/3) + C.

Lidiferenshieti jibu hilo. Sehemu ya kwanza inatoa x/√(x² − 9), ya pili inaondoa 9/(x√(x² − 9)), na zikiunganishwa zinabaki (x² − 9)/(x√(x² − 9)), yaani √(x² − 9)/x. Hakuna hatua hata moja iliyouliza kama x ni chanya au hasi. Lijaribu kwenye eneo letu: kwa −3 thamani ni 0, na kwa −5 pande za pembetatu ni 3, 4 na 5, hivyo thamani ni 4 − 3 arctan(4/3), karibu 1.22. Eneo ni −1.22, ndani ya upeo wa 1.6. Inafanya kazi pande zote mbili kwa sababu x imeingia ndani ya arctan kwa kipeo cha pili tu, na kipeo cha pili hakibebi alama. Pembetatu inayolaumiwa kwa kutoijua hasi ndiyo iliyokuwa na umbo lisiloihitaji.

Haki ya upande wa pili niitaje pia, tena ni nzito. Mfano huu wa Maalim hauhitaji trigonometria kabisa. Weka u = √(x² − 9); basi u du = x dx, integrali inakuwa ya u²/(u² + 9), na jibu la arctan linatoka kwa mistari mitatu. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi apitie sekanti hapa anamzungusha bure. Ila njia hiyo imefaulu kwa sababu nje ya kipeuo x ilikuwa na kipeo witiri. Chukua ∫ dx/(x²√(x² − 9)) na uweke u ile ile: unabaki na du/x³, na kipeuo kinarudi kukusubiri kwenye kigawanyo. Kwa sekanti inakuwa (1/9)∫ cos θ dθ, na pembetatu inasoma sin θ papo hapo: √(x² − 9)/(9x) + C.

Na mfano huu wa mwisho una hila ambayo msahihishaji anapaswa kuijua. Jibu hilo ni sahihi hata kwa x hasi, ingawa mwanafunzi hakuandika thamani kamili popote. Kwa x chini ya −3 amekosea mara mbili: kipeuo kilipaswa kuwa −3 tan θ, na sin θ, iliyo chanya katika robo ya pili, ilipaswa kusomwa −√(x² − 9)/x, kwa kuwa hipotenusi haiwezi kuwa hasi. Alama mbili za kutoa zimefutana. Kwa hiyo nikisahihisha siangalii jibu kwanza, naangalia mstari ambao kipeuo kinapotea: kama hakuna |tan θ| wala maneno "kwa x > 3", alama ya mstari huo naikata, hata kama jibu la chini limetoka sawa.