Grupu au brodkasti: namba 400 za muuza samaki

Muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam, ana namba za wateja zipatazo 400. Nyingi amezitoa kwenye meseji za malipo ya simu. Anataka kila alfajiri, mara boti zikishusha, wateja wajue kuna changu, kibua au jodari, na bei zake. Rahisi kwake ni kufungua grupu la WhatsApp na kuwaingiza wote, maana grupu moja linabeba hadi watu 1,024.

Tatizo la kwanza utaliona siku hiyo hiyo. Kila aliyeingizwa anaona namba za wenzake, na muuza samaki mwingine akiwemo humo ameokota wateja wa bure. Ukifunga grupu ili msimamizi tu aandike, kelele zinaisha lakini namba bado ziko wazi. Halafu kuna wale watakaotoka dakika ileile, na hao ni vigumu kuwarudisha.

Brodkasti, yaani orodha ya matangazo, haileti hayo. Ujumbe unamfikia kila mtu kama meseji yake binafsi, naye akijibu unaona wewe peke yako. Orodha moja inachukua watu 256, kwa hiyo namba 400 zinahitaji orodha mbili. Wengi hunung'unikia kikomo hicho, lakini kinachowakwamisha hasa ni sharti jingine: ujumbe wa brodkasti humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na namba yake hakutoshi.

Ndiyo maana mtu anatuma kwa 400 na wanajibu wachache, kisha anailaumu bei. Kabla ya kugusa bei, bonyeza ule ujumbe kwa muda, fungua taarifa zake, uone umewafikia nani. Subiri siku mbili tatu, kwa sababu kuna waliozima simu au walioishiwa bando. Jina lisipotokea kabisa, na unajua mtu huyo yuko hewani kila siku, karibu hakika hajakuhifadhi.

Wafanyabiashara huliona sharti hili kama kero. Mimi naliona kama mlango: asiyetaka habari zako hazimfikii, hivyo hana sababu ya kukublok wala kukuripoti, na laini inayoripotiwa na wengi huweza kufungiwa na WhatsApp. Ila mlango huo haujakamilika. Mtu anaweza kuhifadhi namba yako ili tu akuulize deni, na hiyo si ruhusa ya kumtumia matangazo. Kadhalika, aliyekulipa kwa simu alikupa namba kwa ajili ya malipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinataka taarifa itumike kwa lengo ililokusanyiwa.

Kwa hiyo mteja ndiye aanze. Kwenye meza ya samaki bandika kibao chenye msimbo wa QR wa kuskani unaofungua kiungo cha namna hii, namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=SAMAKI
```

Akiskani, neno SAMAKI linakuwa limeshaandikwa. Yeye anabonyeza kutuma tu. Ujumbe huo unabaki kwenye simu yako kama ushahidi kwamba aliomba mwenyewe, na una tarehe. Mjibu papo hapo: "Asante. Nitakutumia bei ya samaki mara moja kwa siku, asubuhi. Hifadhi namba hii, la sivyo ujumbe hautafika. Ukichoka, andika ACHA." Ambatisha kadi ya namba yako ili ahifadhi bila kuandika tarakimu. Anayeandika ACHA mtoe siku hiyo hiyo, hata kama ni mnunuzi mkubwa.

Njia hii ni ya polepole, na wapinzani wake wana hoja. Tuseme baada ya mwezi una watu 90 badala ya 400. Ukiwa na kilo 200 za kibua zinazosubiri barafu, 90 wanaonekana wachache. Lakini wale 400 hukuwa nao; ulikuwa na namba zao tu.

Grupu nalo lina kazi ambayo brodkasti haiwezi. Jodari wa kilo 30 hanunuliwi na familia moja. Watu wakisoma "mimi kilo mbili", "mimi tano", wanaona samaki anavyoisha, na anayesitasita anajitokeza. Kwenye brodkasti kila jibu limejificha, muuzaji anabaki kujumlisha mwenyewe. Kwa hiyo ningefungua grupu dogo la wanaogawana samaki wakubwa, nikawapelekea watu wa orodha kiungo cha kujiunga, anayetaka aingie mwenyewe akijua namba yake itaonekana. Bei za kila asubuhi zingebaki kwenye brodkasti.