Supamuni na Punje ya Choroko

Juzi ile picha imerudi tena kwenye kundi la watsapu la ukoo. Mnaijua. Daraja la Kigamboni limesimama kama la kuchezea watoto, na nyuma yake mwezi wa rangi ya machungwa, mkubwa kama uwanja wa mpira. Chini yake: "SUPAMUNI! USIKOSE!" Yaani mwezi mpevu unaoangukia wakati Mwezi uko karibu zaidi na Dunia. Aliyeituma ni shangazi, kwa hiyo kumsahihisha hadharani siwezi, adabu haziruhusu. Mpwa wangu, ambaye siku hizi yuko chuo, akajibu neno moja tu: "Choroko." Ukoo mzima haukuelewa. Mimi nilicheka peke yangu ndani ya daladala.

Jumatatu, 14 Novemba 2016, nilimpeleka Koko Bichi akiwa darasa la pili. Wiki nzima redio zilikuwa zikituambia kwamba mwezi haujawahi kuwa karibu hivyo tangu Januari 1948, na hautarudi kuwa hivyo hadi Novemba 2034. Ni kweli tupu. Tukanunua mihogo, tukakaa mchangani kuelekea bahari, giza likaingia, mwezi ukachomoza. Mtoto akautazama, akanitazama.

"Anko, mbona ni ule ule?"

Nilianza kujitetea. Leo sijitetei, maana mtoto alikuwa sahihi.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mwezi hauizunguki Dunia kwa duara kamili bali kwa duaradufu, na Dunia haikai katikati ya hiyo duaradufu, imesogea upande mmoja. Kwa hiyo katika kila mzunguko kuna siku Mwezi unatukaribia na siku unatuacha. Jioni ile ulikuwa umbali wa kilometa kama 356,500. Mwezi mpevu wa 22 Aprili mwaka huohuo ulikuwa kilometa kama 406,350. Gawa namba kubwa kwa ndogo: kipenyo cha ule wa Novemba kilionekana kikubwa kwa asilimia 14, na kwa kuwa mwanga unafuata eneo la sahani nzima na si kipenyo chake, mwangaza ulizidi kwa asilimia kama 30.

Asilimia 14 inasikika vizuri redioni. Sasa nyoosha mkono wako mbele ya uso. Kutoka jichoni hadi kwenye vidole ni kama sentimeta 60. Mwezi mpevu wa Aprili ungefunikwa na kitu chenye upana wa milimita 5.1. Ule wa Novemba ungehitaji milimita 5.8. Yaani punje ya choroko kwa punje ya choroko iliyonona kidogo. Tofauti haifiki milimita moja, na tena hizo punje huwezi kuziweka pamoja uzilinganishe: moja uliiona Aprili, nyingine unaiona Novemba. Nani ana kumbukumbu ya namna hiyo? Kwanza Aprili ni masika, nani alikuwa anatazama juu?

Huo mwangaza wa ziada nao jicho huuzoea mara moja. Ukitaka kuuona, zima taa zote za mjini kwanza.

Basi ule ukubwa unaowafanya watu wapige kelele mwezi unapochomoza unatoka wapi? Unatoka kichwani. Mwezi ukiwa karibu na upeo wa bahari, ubongo unaukuza, na utaukuza vilevile hata ule wa kilometa 406,000. Funika kwa choroko yako jioni, funika tena saa sita usiku, utaona punje ni ileile. Na hapa ndipo ninapopenda zaidi: ukipima kwa vyombo, mwezi wa saa sita usiku ndio mkubwa, kwa asilimia moja na nusu hivi, kwa sababu Dunia imekuzungusha hadi upande unaouelekea Mwezi, ukausogelea. Jioni ile ya 2016 tulirudi nyumbani saa mbili, yaani kabla mwezi haujafika ukubwa wake. Tena saa ile ilipokuwa karibu kuliko zote, saa 8:23 mchana, ulikuwa chini ya miguu yetu, juu ya Pasifiki huko.

Na picha ya shangazi? Hiyo ni lenzi. Mpigapicha akirudi nyuma kilometa kadhaa na lenzi ndefu, daraja linapungua, mwezi haupungui. Sio uongo, lakini si supamuni pia.

Jina lenyewe alilitunga mnajimu Mmarekani, Richard Nolle, mwaka 1979. Mnajimu, nasema, si mwanafalaki. Kipimo chake ni kilegevu kiasi kwamba karibu kila mwaka tunapata supamuni tatu au nne, halafu kila moja inatangazwa kuwa "ya nadra".

Kisichotangazwa ni mizunguko miwili inayoleta mambo haya, kama saa mbili za ukutani. Kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Kutoka Mwezi kuwa karibu hadi kuwa karibu tena ni siku 27 na nusu. Saa mbili zisizolingana, lakini kila baada ya siku kama 413 zinagonga pamoja. Ongeza 413 kwenye ile ya Novemba 2016, utaangukia mwanzoni mwa Januari 2018. Ongeza tena, Februari 2019. Tena, Aprili 2020. Zote zilikuwa supamuni. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, na hakuna redio iliyowahi kuitoa.

Nakubali, shingo upande, kwamba umbali huo si bure. Ila wa kuuliza si jicho, ni bahari. Kesho yake, baada ya ile jioni ya Koko Bichi, nilikuwa Feri kununua samaki, nikamwamkia mzee mmoja anayeshona nyavu, nikamlalamikia kuhusu mwezi. Akasema, "Kijana, sisi huo hatuutazami juu. Tunautazama huku chini. Bamvua si zote sawa." Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Bahari hujaa na kupwa kwa sababu Mwezi unauvuta zaidi upande wa Dunia ulio karibu nao kuliko unavyouvuta upande wa mbali, na hiyo tofauti haipungui polepole kama ukubwa wa sahani. Inafuata umbali uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu: 1.14 mara 1.14 mara 1.14, unapata karibu 1.5. Jicho linapewa asilimia 14, bahari inapewa karibu nusu nzima ya ziada kwa upande wa Mwezi. Jua nalo lina mkono wake katika maji, kwa hiyo mwishowe bamvua haipandi kwa nusu, na upepo unaweza kuivuruga. Lakini kwenye pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, nyongeza ndogo tu inafika ulikoacha viatu, na maji yakipwa, miamba ya pweza inakaa wazi mbali kuliko kawaida. Hii inaonekana bila kukodoa macho, na hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu.

Inayofuata kubwa ni alfajiri ya 24 Desemba 2026, kilometa kama 356,700. Shangazi atatuma picha ya daraja, najua. Mimi na mpwa wangu tumeshapanga kwenda Kigamboni tarehe 25 na kijiti cha kuchomeka mchangani tupime maji yanafika wapi. Nanyi mnaotandika mikeka ufukweni Krismasi, sogezeni masufuria ya pilau juu kidogo.