Advansi ya Mshahara Isiyo na Riba Inaweza Kuwa Ghali Kuliko Mkopo

Katika kazi yangu ya kuandaa mishahara nimezoea kusikia ushauri mmoja ukitolewa kwa uhakika mkubwa: ukipungukiwa, omba advansi kwa mwajiri wako kwa sababu haina riba, na mwepuke mkopeshaji kwa sababu atakukamua. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unaliangalia deni kwa upande mmoja tu. Kabla ya kuuliza riba ni kiasi gani, mfanyakazi angefaa kuuliza fedha hizo zitakatwa kwa mishahara mingapi, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama deni litakwisha au litazaa deni jingine.

Tumchukue mfanyakazi anayepokea mkononi 100,000 kila mwezi, kwa sarafu yoyote ile, baada ya kodi na makato ya lazima. Matumizi yake ya kawaida ni 90,000, kwa hiyo hubakiwa na ziada ya 10,000. Ghafla anahitaji 40,000 za kulipia matibabu. Mwajiri wake anakubali kumpa advansi ya kiasi hicho bila riba wala ada, kwa sharti moja ambalo ni la kawaida sana, nalo ni kwamba fedha yote itakatwa katika mshahara unaofuata.

Mwisho wa mwezi anapokea 60,000, ilhali kodi ya nyumba, chakula na nauli havikupungua hata kidogo. Pengo ni 30,000, na njia iliyo karibu zaidi ni kurudi kwa mhasibu kuomba advansi nyingine. Mwezi wa pili anapokea 70,000 na kuomba 20,000. Mwezi wa tatu anapokea 80,000 na kuomba 10,000. Mwezi wa nne anapokea 90,000, na hapo ndipo anapopumua. Haja moja ya 40,000 imegeuka kuwa maombi manne yenye jumla ya 100,000. Kwa kuwa hapakuwa na ada, hajapoteza fedha. Hata hivyo amebisha hodi ofisini mara nne, na kila mara alihitaji ridhaa ya mtu ambaye angeweza kukataa. Waajiri wengi wana utaratibu unaozuia mfanyakazi kuchukua advansi miezi miwili mfululizo, na hapo pengo la 30,000 hulazimika kuzibwa kwa mkopo wa haraka uliokopwa bila kuchagua masharti.

Sasa tuweke ada. Baadhi ya waajiri hawatoi advansi wao wenyewe. Huiachia kampuni nyingine inayotoa fedha kupitia simu na kutoza ada kwa kila ombi. Tuseme ada hiyo ni asilimia 5, ikikatwa pamoja na advansi. Mfanyakazi yuleyule anayechukua 40,000 atakatwa 42,000, atabaki na 58,000, na atalazimika kuomba 32,000 ili afikishe 90,000. Ukiendelea na hesabu hiyo mwezi hadi mwezi, maombi yanakuwa matano badala ya manne, na jumla ya ada inafika karibu 5,800. Hakuna mahali palipoandikwa riba, na ukimuuliza atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba hajakopa.

Mkopeshaji wa kawaida angemtoza nini? Tuseme anapewa 40,000 kwa miezi mitano, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya salio lililobaki, na analipa 8,000 za mkopo wenyewe kila mwezi pamoja na riba ya mwezi huo. Rejesho la kwanza ni 9,200, la mwisho ni 8,240, na riba yote ni 3,600. Tuongeze ada ya kuandaa mkopo ya asilimia 2, yaani 800, na gharama nzima inakuwa 4,400. Hiyo iko chini ya 5,800 za advansi iliyosifiwa kwa kutokuwa na riba. Tena, kila rejesho linaingia ndani ya ile ziada yake ya 10,000, kwa hiyo hakuna pengo la kuziba mwezi unaofuata.

Ushindi huo wa mkopo unategemea neno moja, yaani salio. Wapo wakopeshaji wanaotaja asilimia 3 ileile lakini wanaikokotoa juu ya 40,000 za mwanzo kwa miezi yote mitano, hata pale ambapo mkopaji amebakiza 8,000 tu. Riba inakuwa 1,200 kila mwezi, jumla 6,000, na pamoja na ada inafika 6,800. Rejesho la kwanza ni 9,200 katika hesabu zote mbili, ndiyo maana mkopaji anayeuliza tu atalipa kiasi gani mwezi ujao hawezi kuziona tofauti. Jambo la kuomba ni jedwali la marejesho kabla ya kutia sahihi. Kiasi cha riba kikipungua mwezi hadi mwezi, inakokotolewa juu ya salio. Kikibaki palepale kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, inakokotolewa juu ya mkopo wa awali. Na ikiwa ada ya kuandaa mkopo hukatwa juu kwa juu, mkopaji atapokea 39,200 tu, na 800 zitakazopungua hospitalini zitamtafutisha mkopo mwingine.

Ada ya advansi ina tabia nyingine isiyoonekana kirahisi, nayo ni kwamba haijali siku. Asilimia 5 ile ile hutozwa uwe umechukua fedha siku 30 kabla ya mshahara au siku 10. Kwa siku 30, hiyo ni sawa na asilimia 60 hivi kwa mwaka. Kwa siku 10, inapita asilimia 180. Wengi huona kuchukua tarehe za mwisho kuwa ni uangalifu, kwa sababu wamevumilia, kumbe kwa hesabu ya siku wamenunua fedha kwa bei ya juu zaidi.

Kwa maoni yangu, basi, advansi bora kuliko zote ni ile inayoombwa kwa barua ikitaja makato ya vipande. Mfanyakazi wetu angeomba 40,000 zikatwe kwa mishahara mitano, 8,000 kila mwezi, angebaki na 2,000 za tahadhari na asingelipa hata senti ya ziada. Hakuna mkopeshaji anayeweza kushindana na hilo. Wafanyakazi huona haya kuliomba, wakidhani kukubali kukatwa yote kwa mkupuo ni dalili ya uaminifu, lakini mwajiri aliye makini hunufaika pia, kwani anaandika mara moja na hasumbuliwi kila mwezi. Barua hiyo itaje kiasi, idadi ya makato, mwezi wa kuanza, na salio litalipwaje ajira ikikoma. Baada ya hapo, angalia hati ya mshahara kila mwezi. Makosa yanayotokea mara nyingi ni kukatwa mara mbili pale advansi inapoingizwa katika mfumo na papo hapo katika daftari la fedha taslimu, na kuendelea kukatwa baada ya deni kuisha kwa sababu hakuna aliyeweka mwezi wa kukoma.

Upande wa hatari ndiko ninakoona watu wanapima kwa haraka mno. Advansi ina sura mbili kulingana na tarehe. Mfanyakazi wetu akichukua 40,000 siku ya 20 ya mwezi wa siku 30, tayari amefanyia kazi takriban 66,700, kwa hiyo anachukua jasho lake mwenyewe. Akichukua siku ya 5, amefanyia kazi 16,700 hivi, na zaidi ya 23,000 zilizobaki ni deni kamili. Akiachishwa kazi wiki hiyo, deni hilo halifuati tena utaratibu wa vipande. Kwa kawaida mwajiri atataka kulimaliza kutoka katika mafao ya mwisho, yaani siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua, wakati ambapo fedha hizo ndizo tegemeo lake pekee. Mkopeshaji hana mkono katika mafao hayo, isipokuwa mkataba unampa haki hiyo. Ratiba yake inaendelea mwezi kwa mwezi, na mkopaji ana nafasi ya kuomba aongezewe muda. Lakini naye ana silaha zake: adhabu ya kuchelewa, mdhamini, mali iliyowekwa rehani, na taarifa mbaya itakayomfuata mkopaji kwa wakopeshaji wengine.

Mwajiri hana uhuru wa kukata apendavyo. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kulinda mishahara, uliopitishwa mwaka 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Kiwango chenyewe hutofautiana nchi na nchi, na mfanyakazi mwenye makato mengine anapaswa kuyajumlisha yote kabla ya kuongeza la advansi.

Kuna hatari moja ambayo sioni ikitajwa. Mwajiri anapochelewesha mishahara, aliyechukua advansi tayari ana sehemu ya fedha yake, na deni lake linasubiri pamoja na mshahara. Aliyekopa nje anatozwa adhabu ya kuchelewa kwa kosa la mwajiri wake. Hali huwa mbaya zaidi kwa mkopo wa kukatwa mshaharani, ambapo mwajiri anakata rejesho na kulituma kwa mkopeshaji: imetokea mwajiri akakata, hati ya mshahara ikaonyesha makato, lakini fedha isimfikie mkopeshaji kwa wakati, na mfanyakazi akaandikwa kuwa mdaiwa sugu. Mwenye mkopo wa aina hiyo aombe taarifa ya salio kutoka kwa mkopeshaji mwenyewe kila baada ya miezi michache, ailinganishe na hati zake za mshahara, na azitunze hati hizo mpaka apate barua ya kuthibitisha kuwa deni limekwisha.