Bidhaa ziendazo haraka na mlango wa kupakia: hatua zinapookolewa na zinapopotea

Kanuni ya kuweka bidhaa zinazotoka haraka karibu na mlango wa kupakia ni sahihi, lakini ghala nyingi huanza vibaya kwa kupima kasi hiyo kwa idadi ya katoni zinazouzwa. Kinachomchosha mkusanyaji ni mara ngapi anaifuata bidhaa kwenye rafu.

Tuchukue bidhaa mbili zilizo mita 50 kutoka mlangoni. Ya kwanza hutoka katoni 120 kwa siku, zote katika paleti tatu kamili. Ya pili hutoka katoni 60, mojamoja, katika oda 60 tofauti. Kila oda ikikusanywa kwa safari yake, kuisogeza ya pili hadi mita 10 huokoa mita 80 za kwenda na kurudi kila mara, yaani mita 4,800 kwa siku. Kuisogeza ya kwanza huokoa mita 240 tu, na paleti zake hula nafasi ya mbele ambayo ni adimu.

Hata hivyo, hesabu hiyo hupungua nguvu pale mkusanyaji anapobeba oda kumi katika mzunguko mmoja. Ikiwa moja kati ya hizo inahitaji kitu kilicho mwisho wa ghala, atafika huko tu, na bidhaa iliyosogezwa mbele haitamfupishia njia. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni urefu wa mzunguko mzima kabla na baada ya mabadiliko, na kwa ghala za namna hii ninaona kupanga pamoja bidhaa zinazoagizwa pamoja kunaweza kusaidia zaidi.

Wanaopinga mpango huu wana hoja nyingine nzito: msongamano. Bidhaa zote za haraka zikijazwa kwenye ujia mmoja, wakusanyaji watano wenye vitoroli husubiriana hapo, na muda uliookolewa kwa kutembea hupotea kwa kusimama. Dalili yake ni kwamba mita zinapungua lakini oda zinazokamilika kwa saa haziongezeki. Dawa ni kuzigawanya kwenye vichwa vya njia kadhaa, ijapokuwa baadhi zitakuwa mbali kidogo na mlango.

Kuna pia suala la kujaza upya, ambalo husahaulika mara nyingi. Rafu ya mbele ikibeba katoni 20 za ile bidhaa ya pili, lazima ijazwe mara tatu kwa siku, na mara mojawapo huangukia wakati wa pilika, mkusanyaji akikuta rafu tupu. Ni afadhali kuipa nafasi ya katoni 60 na kuijaza kabla ya zamu kuanza, hata kama bidhaa moja au mbili za kasi ya wastani zitalazimika kurudi nyuma.