Siku ya Ndondi, dukani kwa vitenge

Jamani, haya mabango ya sikukuu! Duka moja la vitenge pale Mwanga, Kigoma, dada muuzaji kaandika kwa maka peni: "26 DESEMBA, SIKU YA NDONDI, WOTE MNAKARIBISHWA." Boksing Dei kaigeuza neno kwa neno, kumbe jina linahusishwa na maboksi ya zawadi. Punguzo lenyewe kalibana pembeni kwa viherufi. Asubuhi vijana wamejaa mlangoni.

"Dada, kiingilio shilingi ngapi?"

"Kiingilio cha nini, kaka? Chagua doti."

Wala usiwacheke, maana nchi hii ngumi hupigwa kweli siku hiyo. Si angeandika tu "Vitenge vimeshuka bei" kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara, bei ya zamani ikatwe mstari, mpya ikae chini yake?